Kilo kwa mvuvi si hesabu ya samaki walio baharini

Siku moja utaketi kwenye mkutano wa ufuo hapa Kwale, pengine chini ya mwembe karibu na banda la samaki, na mtu mwenye kipakatalishi atasimama aseme hivi: miaka mitano iliyopita kila mvuvi alikuwa akipata kilo 2.7 kwa siku, leo anapata kilo 3.4, kwa hivyo samaki wameongezeka. Watu watapiga makofi. Mimi nakuomba usipige makofi bado. Muulize kwanza hiyo 3.4 ameipikaje.

Si kwamba namshuku mtu huyo kuwa mwongo. Mara nyingi hesabu yake iko sawa kabisa, na ukiipiga tena kwa simu yako utapata jibu lile lile. Taabu iko kwenye lile neno "kwa hivyo". Kutoka kilo alizopima karani pale ufuoni hadi samaki walio chini ya maji ni safari ndefu, na katikati ya safari hiyo kuna mashimo ambayo vijana wengi wanaojaza madaftari ya ufuo hawajawahi kuonyeshwa.

Kwanza tuelewe hesabu yenyewe, maana ni rahisi. Unachukua uzito wa samaki walioshushwa ufuoni, unagawanya kwa juhudi iliyotumika kuwavua. Juhudi inaweza kuwa idadi ya wavuvi waliotoka siku hiyo, au saa walizokaa baharini, au idadi ya malema yaliyotegwa. Wanaoshughulika na mambo haya huandika hivi:

`C / E = q × N`

C ni samaki waliopatikana, E ni juhudi, N ni samaki walio baharini. Sasa ile q ndiyo mwizi wetu. Ni sehemu ya samaki wote ambayo juhudi moja, tuseme siku moja ya mvuvi mmoja, inaweza kuchukua. Kama q haibadiliki, basi kilo kwa mvuvi zikipanda, samaki wamepanda; zikishuka, wameshuka. Hesabu yote imesimama juu ya q kutulia. Na q haitulii. Mvuvi akinunua mashine ya boti, q imebadilika. Akihama kutoka mshipi kwenda malema, imebadilika. Samaki wakikusanyika mahali pamoja na yeye akapajua, imebadilika mno.

Twende kwa mfano. Nambari hizi nimezitunga mwenyewe ili uone mtego unavyofanya kazi. Si za ufuo wowote. Chukua ufuo wenye wavuvi 40. Mwaka wa kwanza, 30 kati yao wanavua kwa mshipi na kila mmoja anapata kilo 2 kwa siku. Hao wanaleta kilo 60. Wale 10 wengine ni watu wa malema, kila mmoja kilo 5, wanaleta 50. Jumla kilo 110, gawa kwa 40, unapata 2.75.

Miaka mitano baadaye wavuvi ni wale wale 40, ila wengi wameacha mshipi. Sasa wa mshipi ni 10 tu, na kila mmoja anapata kilo 1.5. Wa malema wamekuwa 30, na kila mmoja anapata kilo 4. Jumla ni 15 na 120, yaani kilo 135. Gawa kwa 40: takriban 3.4.

Umeona? Mvuvi wa mshipi amepoteza robo ya samaki wake. Mvuvi wa malema amepoteza moja kwa tano. Hakuna hata mtu mmoja pale ufuoni ambaye chombo chake kinampa zaidi ya zamani. Lakini wastani umepanda, kwa sababu tu watu wamehama kutoka chombo kinacholeta kidogo kwenda kinacholeta zaidi. Huyu mwenye kipakatalishi hakudanganya. Amechanganya mafungu mawili ambayo hayakufaa kuchanganywa, basi.

Na huu si mchezo wa karatasi. Kwenye ukanda huu wa Diani hadi Chale, vyombo vimekuwa vikibadilika miaka yote. Ndani ya wangwa na kwenye miamba utakuta mshipi, malema, nyavu, bunduki ya kuzamia, na juya la kukokota ambalo serikali ililipiga marufuku kwa tangazo la mwaka 2001, ingawa kila mtu anajua kwamba marufuku na bahari havikukutana kila mahali. Baadhi ya fuo ziliondoa juya kabla ya wenzao, nyingine ziliendelea nalo. Juya moja huvutwa na kundi la watu, kumi na zaidi, na samaki hugawanywa. Ukiandika "juya 1" kwenye safu ya juhudi, umepata kilo nyingi sana kwa juhudi moja. Ukiandika idadi ya watu waliovuta, unapata kilo chache kwa kila mtu. Samaki ni wale wale, ndoo ni zile zile. Sasa fikiria karani wa mwaka jana aliandika kwa njia ya kwanza, na wa mwaka huu anaandika kwa njia ya pili. Utasikia kwamba samaki wameporomoka, na hakuna samaki hata mmoja aliyehusika.

Shimo la pili ni la watu wanaorudi mikono mitupu. Hili ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu dawa yake haina gharama. Karani anakaa kwenye mizani. Mvuvi mwenye samaki anakuja kwenye mizani. Asiye na samaki ana haja gani ya kuja? Anavuta mtumbwi wake juu, anachukua kafi zake, anapitia njia ya minazini kwenda nyumbani. Tuseme siku hiyo wametoka 10. Sita wamepimiwa jumla ya kilo 18. Daftari linasema kilo 3 kwa mvuvi. Lakini waliotoka ni 10, kwa hivyo ukweli ni kilo 1.8.

Ubaya wake ni kwamba kosa hili halikai kimya mahali pamoja, linakua kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya. Samaki wakipungua, siku za mkono mtupu huongezeka. Daftari linaendelea kuonyesha wale waliobahatika tu, na waliobahatika bado wana kilo 3. Yaani pale ambapo tungehitaji kuonywa zaidi, ndipo daftari linapotuambia kila kitu kiko shwari.

Kuna na samaki wanaopotea kwa upande wa pili. Wale wa kitoweo hutolewa kabla ya kupima. Wengine tayari ni mali ya tajiri aliyetoa mkopo wa nyavu, wanapita moja kwa moja. Mama karanga anayemjua mvuvi wake anaweza kumpokea kule mbele kabla hajafika bandani. Hakuna ubaya katika hayo, ndiyo maisha ya pwani. Kama sehemu inayopita pembeni ni ile ile kila mwaka, hesabu ya mwelekeo haiharibiki sana. Lakini bei ya samaki ikipanda, au karani akianza kuonekana kama mtu wa ushuru, sehemu hiyo inakua, na daftari linasoma kwamba bahari imeisha.

Shimo la tatu ni saa. Madaftari mengi yanahesabu siku. Mvuvi ametoka, amerudi, hiyo ni siku moja. Sasa muulize mzee yeyote wa Kinondo au Gazi alikuwa akivua wapi ujanani mwake, atakuonyesha kwa kidole, pale tu. Muulize mwanawe anavua wapi. Kama baba alitumia saa 4 kupata kilo 4, na mwana anatumia saa 7 kupata kilo 4, daftari la siku linaandika kilo 4 kwa wote wawili. Kwa saa, baba alipata kilo 1, na mwana amepata kama kilo 0.6. Hali ni hiyo hiyo kwa malema. Mwenye malema 3 aliyepata kilo 6 na mwenye malema 8 aliyepata kilo 6 wanaonekana ndugu kwenye karatasi. Kwa kila lema, wa kwanza kapata kilo 2 na wa pili hata kilo moja hajafikisha. Ukiongeza kwamba mmoja aliyaacha majini usiku mmoja na mwengine usiku tatu, ndipo utajua ni kiasi gani safu moja ya "juhudi" inavyoficha.

Wavuvi ni watu wenye akili. Samaki wakipungua hawakai wakingoja, wanaamka mapema, wanaenda mbali, wanaongeza malema, wanakopa mashine. Kila moja ya mbinu hizo inasukuma q juu kidogo, na kilo kwa siku zinabaki pale pale huku bahari ikimalizika chini yao. Kwa hiyo mstari ulionyooka kwenye grafu si lazima uwe habari njema. Unaweza kuwa picha ya watu wanaokimbia zaidi ili wabaki mahali pamoja.

Nimefika kwenye shimo ninaloliogopa kuliko yote, nalo ni la tafi.

Tafi ndiye samaki wa watu huku kwetu. Ukiangalia ndoo za wavuvi wa wangwa na miamba, yeye na pono ndio wanaojaza. Na tafi ana tabia moja: wakati wa kutaga mayai hukusanyika kwa wingi kwenye sehemu maalum. Wavuvi wa Msambweni wanazijua sehemu hizo, na utafiti juu ya uvuvi wa tafi kwenye makundi hayo ya kutaga upande huu wa kusini ulichapishwa mwaka 2013. Sasa fikiria kinachotokea kwenye daftari. Tuseme bahari ilikuwa na tafi 10,000 na wote walikusanyika mahali pamoja. Mvuvi akitega pale anajaza malema. Miaka ikapita, wamebaki 5,000. Nao wanakusanyika mahali pale pale, wamebanana vile vile, ila kundi limekuwa dogo kwa eneo. Lema lililotegwa katikati ya kundi bado linajaa. Lema halijui kwamba ukingo wa kundi umesogea karibu. Kilo kwa lema ni zile zile. Wakibaki 2,000, pengine bado ni zile zile. Halafu msimu mmoja hawaji.

Usidhani ni hofu ya mtu wa karatasi. Kanada, kwenye bahari ya Newfoundland, meli kubwa zenye nyavu za kukokota ziliendelea kupata samaki vizuri kwa saa ya kuvua katika miaka ya 1980, kwa sababu samaki waliobaki walijikusanya na meli zilikuwa na vyombo vya kuwasaka. Takwimu za meli hizo ziliwafanya wataalamu waamini samaki ni wengi kuliko walivyokuwa. Julai 1992 serikali ililazimika kufunga uvuvi ule, na maelfu ya watu wakakosa kazi. Wale walikuwa na wanasayansi, meli za utafiti na kompyuta. Sisi tuna daftari na mizani ya kuning'iniza.

Kinyume chake pia hutokea, na ni haki tukiseme. Wakati wa kusi bahari ni chafu, wavuvi wengi wenye mitumbwi hawawezi kuvuka mwamba, wanabaki kugombania samaki wachache wa ndani ya wangwa. Kilo kwa mvuvi zinashuka. Huko nje samaki wapo, ila hakuna anayewafikia. Anayelinganisha Julai ya mwaka huu na Januari ya mwaka jana amelinganisha pepo mbili, hajalinganisha samaki. Kaskazi ilinganishwe na kaskazi, kusi na kusi. Ni jambo dogo, lakini nimeona watu wakichora mstari mmoja kutoka mwezi hadi mwezi na kuanza kulia au kushangilia.

Basi tutupe madaftari? Hapana. Nisingeandika haya kama ningeona hayafai. Ukanda wa Diani hadi Chale ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika Mashariki ambako wavuvi wamekuwa wakihesabiwa na samaki wao kupimwa tangu katikati ya miaka ya 1990, katika kazi ya muda mrefu ya mtafiti Tim McClanahan na wenzake. Kazi hiyo inaonyesha kilo kwa mvuvi zinaweza kusema nini zikishughulikiwa kwa adabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, alilinganisha kwa miaka 12 wavuvi wanaovua kando ya hifadhi iliyofungwa, wanaovua pale vyombo vimewekewa masharti, na wanaovua pasipo na masharti yoyote. Kipato cha mvuvi kwa siku kilikuwa juu kwa asilimia 41 penye masharti ya vyombo, na kwa asilimia 135 kando ya hifadhi, ukilinganisha na pasipo masharti.

Angalia namna hoja ile ilivyojengwa. Haikusema "wastani umepanda, kwa hivyo samaki wamepanda". Ilifananisha mahali na mahali, katika miaka ile ile na pepo zile zile, na ilizungumzia kipato cha mvuvi, kitu ambacho daftari linakijua kweli. Anayetaka kujua samaki wangapi wako mwambani huzamia na kuwahesabu, na mtafiti huyo huyo amekuwa akifanya hivyo pia. Kilo za ufuoni zikishuka na hesabu ya wapiga mbizi ikashuka, tuamini. Zikivutana, tukae chini tuulize ni shimo lipi kati ya haya limetumeza.

Hapa kwetu kuna kikwazo kingine. Hifadhi ya bahari ya Diani-Chale ilitangazwa kwenye gazeti la serikali mwaka 1995, wavuvi wakaipinga, na haikuwahi kufanya kazi. Sitaingia kwenye ugomvi ule, una wazee wake. Nasema tu kwamba matokeo yake ni kuwa kati ya Diani na Chale hatuna eneo kubwa lililofungwa la kusimama nalo tukasema, "hivi ndivyo mwamba huu ungekuwa bila sisi." Tunalazimika kutazama Mombasa au Kisite. Kwa hivyo daftari la ufuo hapa limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingine, na ndiyo maana halifai kujazwa ovyo.

Na mzigo huo una watu ndani yake. Nambari ikisema samaki wameongezeka, mwenye ringneti anayeomba kuingia anapata hoja, na kikundi kilichotaka kutenga tengefu kinaambiwa kingoje. Nambari ikisema wamepungua, atatafutwa wa kulaumiwa, na mara nyingi ni mnyonge, kijana wa bunduki au mgeni wa kutoka Pemba. Nambari mbovu inaumiza pande zote mbili, na haimuumizi aliyeiandika.

Maoni yangu ni haya. Kamati za usimamizi wa fuo, zile BMU zilizowekwa kwa kanuni za mwaka 2007, ziache kutangaza wastani mmoja wa ufuo mzima. Kila chombo kisomwe peke yake: mshipi na mshipi, malema na malema. Najua nambari nne zinachosha mkutano kuliko moja, na wazee wana shughuli zao. Afadhali wachoke. Pili, karani asianzie kwenye mizani, aanzie kwenye vyombo. Alfajiri au jioni ahesabu mitumbwi iliyotoka, ili zile zilizorudi tupu ziandikwe 0. Sufuri ni habari kama kilo 10. Tatu, kwa vyombo vichache tu, hata vitano kwa siku, aulize saa ya kutoka na ya kurudi, watu wangapi, malema mangapi, na walivua upande gani. Si lazima aulize wote. Vitano vilivyoulizwa vizuri vinashinda hamsini vilivyobahatishwa. Na tafi waandikwe mbali na samaki mchanganyiko, hasa majira ya kutaga, pamoja na mahali walipovuliwa. Mvuvi akikataa kutaja mwamba wake wa siri, basi aseme tu kama ni penye makundi au sipo. Akisema ndiyo, kilo hizo zisiingie kwenye hesabu ya wingi wa samaki.

Najua nitaambiwa: karani huyo ni kijana wa kujitolea, anapewa vocha ya simu na soda, wewe unamwongezea safu tano. Ni kweli. Anayetaka nambari za kuamulia nani avue na nani asivue amlipe anayeziandika. Mishahara ya makarani wa fuo chache zilizochaguliwa vizuri ni nafuu kuliko boti moja ya doria, na kama hela hazitoshi fuo zote, bora fuo tatu ziandikwe sawasawa na nyingine ziachwe, kuliko zote zijazwe kwa kukisia jioni ya mwisho wa mwezi. Ukiona daftari ambalo kila siku lina kilo zinazoishia kwa 0 au 5, na halina hata sufuri moja mwezi mzima wa Julai, ujue liliandikwa kwa mkao mmoja.

Ukibahatika kuwa wewe ndiye karani, au ndiye mwenye kipakatalishi, anza na kitu kimoja kabla ya mkutano ujao. Chukua kurasa za miaka unayoilinganisha, tenga chombo kwa chombo, kusi kando na kaskazi kando, halafu piga hesabu upya. Ukipata kwamba ule wastani uliopanda umeshuka kila upande ulipoutenga, nenda kamwambie mwenyekiti kabla makofi hayajapigwa.